Zambarau si aspirini: bahasha nne za vidonge vyeupe na siku tatu za kukosea

Siku ya pili ya mafunzo kwa vitendo, msimamizi wangu aliniwekea mezani bahasha nne za kaki zilizoandikwa A, B, C na D. Kila moja ilikuwa na vidonge 12 vyeupe, vya duara, visivyo na herufi wala mstari wa kukatia. "Mwanangu, humo ndani kuna parasetamoli, kuna aspirini na kuna kafeini. Bahasha ni nne, sasa hiyo ya nne utaniambia wewe. Anza na rangi, kibati cha silika kije mwishoni. Keshokutwa saa nne asubuhi nataka jibu, na nataka kujua umelijuaje."

Nikaitikia "sawa mama" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Chuoni nilikuwa nimekariri kwamba feri kloraidi ikigeuka zambarau, hapo pana salisileti, na salisileti ni aspirini. Mpaka saa sita mchana, nikajiambia, nitakuwa nakunywa chai.

Zilinichukua siku tatu nzima, vibati sita vya silika vya kutenganishia dawa, kati ya vinane vilivyotoka kwenye bati moja la sentimita 20 kwa 20, na shati moja lenye doa la ayodini ambalo mpaka leo halijatoka. Naandika kwa ajili ya mwenzangu atakayekalishwa mbele ya bahasha kama hizo.

Nilianza kwa kusaga. Kinu kilikuwa kimoja, nami nikakifuta kwa karatasi kavu kati ya bahasha na bahasha, nikaona inatosha. Nikachukua unga wa kila bahasha, kiasi cha ncha ya kijiko kidogo cha maabara, nikautia kwenye testi tyubu yenye mililita 5 za maji, nikatikisa, nikadondosha feri kloraidi papo hapo kwenye ule uji mweupe. Matone sita, saba, sikuhesabu.

A ikawa buluu iliyoelekea zambarau. B ikawa zambarau hafifu. C ikabaki manjano ila kwa mbali kama ina kivuli cha zambarau. D ikawa kama A. Nikaandika kwenye daftari, kwa kalamu ya wino kabisa: A aspirini, B aspirini, D aspirini, C haijulikani. Nikampelekea.

Hakucheka, na bora angecheka. Aliuliza swali moja: "Aspirini safi ikikutana na feri inatoa rangi gani?" Nikasema zambarau. "Niambie tena, lakini kwanza nichoree aspirini."

Nikachora, na kalamu ilipofika kwenye kundi la asetili nikaanza kusikia joto masikioni. Rangi ile hutokea pale chuma cha feri kinaposhikana na fenoli iliyo wazi, yaani kundi la haidroksili lililoning'inia kwenye pete ya benzini. Asidi salisiliki inalo, kwa hiyo inatoa zambarau kali. Lakini kuifanya asidi salisiliki kuwa aspirini ni kulifunika kundi hilohilo kwa asetili, kwa hiyo aspirini iliyo safi haina pa kushikwa na chuma, na testi tyubu inatakiwa ibaki manjano. Parasetamoli ndiyo yenye fenoli wazi. Inatoa buluu-zambarau ikiwa baridi, bila kuchemshwa, bila kubembelezwa. Nilikuwa nimeiita parasetamoli aspirini, na sababu ni kwamba nilikariri rangi nisikariri kilichoileta.

"Na B je?" akauliza. "Fungua bahasha, nusa kwa mbali."

B ilinuka siki. Ni harufu nyembamba, kama ya chupa ya achari iliyoachwa wazi usiku. Aspirini ikikaa kwenye unyevu huvunjika yenyewe polepole, ikaachia asidi asetiki, ambayo ndiyo siki, na asidi salisiliki, ambayo ndiyo iliyonipa zambarau hafifu. Kwa hiyo B ilikuwa aspirini kweli, lakini rangi niliyoiona haikuwa ya aspirini. Ilikuwa ya mabaki yake. Nilipata jibu sahihi kwa njia mbovu, na nadhani hilo ni baya kuliko kukosa, kwa sababu siku nyingine njia ileile ingenipa jibu la uongo nami ningeliamini. (Kunusa kwa mbali ndiyo mwisho. Kuna wenzangu wanaoonja kwa ncha ya ulimi eti parasetamoli ni chungu na aspirini ni kali. Kidonge usichokijua hakiingii mdomoni, hata kama bahasha imetoka kwa msimamizi wako.)

Akanirudisha mezani. Sheria aliyonipa ni moja: usitafute rangi, uliza swali, kisha rangi ikujibu. Swali la kwanza ni "je, kuna fenoli wazi?" Swali la pili, "kama haipo, je, ilikuwa imefunikwa?" La tatu, "kama haikuwahi kuwepo, je, ni kafeini?"

Safari hii nikaosha kinu kwa sabuni, maji na spiriti kila baada ya bahasha. Nikatikisa unga kwenye maji baridi, nikachuja kwa karatasi ya kuchujia. Maji baridi ni kwa makusudi, maana wanga ambao karibu kila kidonge unao kama kishikizo hauyeyuki kwenye baridi, unabaki kwenye karatasi. Nikapanga testi tyubu tano: nne za bahasha na ya tano maji matupu. Feri kloraidi ya asilimia 1, matone mawili kila moja, basi. Hayo matone saba ya mwanzo yalikuwa yamemwaga manjano ya feri yenyewe juu ya rangi zote, ndiyo maana B nusura isionekane.

Tofauti ilikuwa kubwa. Maji matupu yalibaki manjano hafifu. A na D zilikuwa buluu-zambarau bila shaka yoyote. B zambarau dhaifu, nyekundu kidogo kuliko A, lakini naomba mtu asitegemee tofauti hiyo ya macho: ukiwa na tyubu moja peke yake mkononi, chini ya taa ya dari, huwezi kuapa ipi ni ya salisileti na ipi ni ya parasetamoli. C safari hii ilikuwa manjano sawasawa na ya maji. Kile kivuli cha jana kilikuwa unga wa bahasha iliyotangulia, uliobaki kwenye kinu. Kama nisingekuwa na tyubu ya maji matupu pembeni, ningekaa nusu saa nikibishana na kivuli.

Kwa B likaja swali la pili. Unga wake, kiasi cha nusu gramu, nikauchemsha na mililita 10 za sodiamu haidroksaidi kwa dakika tatu. Alkali inavua kile kifuniko cha asetili. Nikapoza, nikadondosha feri kloraidi, nikisubiri zambarau ya kufa mtu.

Nikapata tope la kahawia, kama maji ya bomba lililolala mwaka mzima. Nikaongeza feri, tope likaongezeka. Nikaanza kujiuliza kama B ni aspirini kweli, na hapo ndipo nilipopoteza alasiri nzima, maana nilirudia jambo lilelile mara tatu nikitarajia matokeo mengine.

Tope lile ni haidroksaidi ya feri, ndugu yake kutu. Alkali niliyotumia kuivua aspirini ilikuwa bado imejaa kwenye tyubu, ikamdaka chuma kabla hajamfikia salisileti. Dada mmoja wa maabara aliyekuwa akiosha vyombo pembeni ndiye aliyeniambia, bila hata kugeuka: "Hujatia asidi, mdogo wangu." Nikachemsha upya, nikapoza, safari hii nikatia asidi salfuriki hafifu kidogo kidogo nikipima kwa karatasi ya litimasi mpaka ikawa nyekundu. Hapo kitu kikaanza kuonekana chenyewe kabla hata ya feri: fuwele nyeupe kama sindano zikateremka, na harufu ya siki ikapanda. Ndiyo asidi salisiliki inayotoka kwenye maji kwa sababu haipendi kuyeyuka pale penye asidi. Nikazichuja, nikazisuuza kwa maji ya baridi mara mbili ili asidi iondoke, nikaziyeyusha chache kwenye maji ya uvuguvugu, tone moja la feri. Zambarau nzito, nzito kiasi kwamba ilibidi niipunguze kwa maji ili nione ni rangi gani.

Kule kusuuza kuna sababu. Ukiacha asidi kali ndani, rangi inafifia au inakataa kabisa kuja. Feri na salisileti wanakubaliana pale tu ambapo mazingira hayana alkali nyingi wala asidi nyingi. Mtu akikuambia jaribio la feri "halikufanya kazi", muulize kwanza alipima litimasi lini.

A sasa. Fenoli wazi haitoshi kuitwa parasetamoli, kwa kuwa fenoli ni nyingi duniani, na aspirini iliyooza kama B nayo inayo. Kwa parasetamoli kuna jaribio la zamani ninalolipenda kwa sababu lina subira ndani yake. Kwanza nilitoa dawa kwenye unga kwa spiriti: nikatikisa, nikachuja, nikakausha juu ya sufuria ya maji ya moto niliyoyaipua, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu mvuke wa spiriti na mwali havichelewi kujuana. Nikapata unga mweupe safi. Gramu 0.1 ya unga huo nikaichemsha na mililita 1 ya asidi haidrokloriki kali kwa dakika tatu ndani ya kabati la kutolea mvuke, nikaongeza mililita 10 za maji, nikapoza. Halafu tone moja la potasiamu daikromati ya karibu asilimia 0.5. Tone moja.

Mimi nilitia moja, nikaona hakuna kitu, nikatia la pili, la tatu, la nne. Tyubu ikawa na manjano machafu, na sikuona chochote kingine. Nikadhani nimeharibu unga. Kumbe zambarau ya jaribio hili haiji mara moja. Asidi imeigeuza parasetamoli kuwa aminofenoli, na daikromati inaioksidisha taratibu, rangi ikitoka kama chai inavyotoka kwenye majani. Mara ya pili niliweka tone moja, nikaweka tyubu kwenye kishikio, nikaenda kuosha mikono. Niliporudi zambarau ilikuwa inatanda, na ilikaa zambarau. Kukaa huko ndiko kunakoangaliwa. Fenasetini, dawa ya maumivu ya zamani iliyoondolewa sokoni katika nchi nyingi kwa kuharibu figo, nayo huanza na zambarau kisha ikageuka nyekundu. Daikromati ni sumu na inasababisha saratani, kwa hiyo glavu ni lazima, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Tuna chupa yake ya taka.

D ikafanya vilevile: zambarau ya feri baridi, zambarau ya daikromati. Nikaandika "D parasetamoli" na kuifunga. Kumbuka hapo.

C ilikuwa imebaki, na kwa kuwa haikutoa chochote na feri, nilijua ni kafeini kwa kuhesabu tu. Lakini kutotoa rangi si utambulisho. Sukari nayo haitoi rangi. Kuna jaribio la ayodini ambalo kitabu kinasema kafeini kwenye maji ikitiwa ayodini inabaki wazi, ukiongeza asidi haidrokloriki hafifu inatoa mashapo ya kahawia, na ukituliza asidi kwa sodiamu haidroksaidi mashapo yanayeyuka. Rahisi. Nikachemsha unga wa C kwenye maji ili kafeini iyeyuke haraka, sikuchuja, nikatia ayodini. Tyubu ikawa nyeusi ya buluu kama wino wa mhuri.

Shati langu linabeba ushahidi wa jinsi nilivyoshtuka. Ulikuwa ni wanga. Kwenye maji baridi ungebaki juu ya karatasi, lakini nilikuwa nimeuchemsha, ukavimba na kuingia kwenye maji, na ayodini na wanga ni jaribio ambalo kila mtoto wa kidato cha kwanza amelifanya kwa muhogo. Nilikuwa nimegundua muhogo ndani ya kidonge.

Nikaachana na ayodini, nikaenda kwenye mureksidi, jaribio ambalo kafeini na jamaa zake wa zanthini hulijibu vizuri. Safari hii dawa niliitoa kwa dikloromethani, ambayo kafeini huiyeyukia kwa wepesi sana na wanga hauigusi, nikakausha kabisa ndani ya kabati la mvuke. Msimamizi alinionya mapema nisithubutu kutumia asetoni kutoa dawa itakayokutana na peroksaidi, kwa kuwa vitu hivyo viwili penye asidi ni hatari. Miligramu chache za mabaki kwenye kibakuli cha kauri, matone mawili ya haidrojeni peroksaidi kali, matone sita ya asidi haidrokloriki hafifu, kibakuli juu ya mvuke wa maji yanayochemka. Si juu ya mwali. Kibakuli changu cha kwanza nilikiweka juu ya mwali kwa haraka zangu, mabaki yakaungua yakawa meusi, na kitu kilichoungua hakina cha kukuambia. Juu ya mvuke yalikauka polepole yakabaki manjano yenye wekundu, kama ukoko wa wali uliopikwa na binzari. Tone moja la amonia hafifu pembeni, na pale lilipogusa, ukoko ukageuka zambarau-nyekundu, rangi ikitambaa kama maji kwenye kitambaa. Katika siku zote tatu hicho ndicho kitu kizuri zaidi nilichokiona.

Mipaka yake nayo isemwe. Teofilini ya wagonjwa wa pumu hujibu hivyohivyo, na teobromini ya kakao pia. Mureksidi inasema "huyu ni wa ukoo wa zanthini". Haisemi jina lake.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa na majibu manne. Kilichobaki ni kibati, ambacho nilikihesabu kama mhuri wa mwisho. Kromatografia ya tabaka jembamba, kwa aliyeisahau, ni bati la alumini lililopakwa silika. Unaweka matone ya dawa chini, unalisimamisha kwenye kimiminika, kimiminika kinapanda na kila dawa inapanda nacho kwa mwendo wake. Letu lilikuwa silika geli 60 F254, yenye rangi ya kung'aa inayoonekana kijani chini ya taa ya urujuanimno, na dawa zinazofyonza mwanga huo hukaa juu yake kama madoa meusi. Nikakata vipande vya sentimita 5 kwa 10 kwa mkasi. Ukikata kwa mkasi butu, silika inabanduka pembeni na kimiminika kinapanda mshazari.

Kibati cha kwanza nilichora mstari kwa kalamu ya wino. Wino ulipanda, ukajitenga rangi mbili nzuri, ukafunika kila kitu. Penseli tu. Cha pili nilimimina kimiminika kingi, kikavuka mstari, madoa yakaogeshwa yakabaki chini kwenye chupa. Kina kisizidi nusu sentimita iwapo mstari uko sentimita moja na nusu. Hayo ni makosa ya mtu mwenye haraka na sina la kuongeza.

Cha tatu kilinifundisha zaidi. Nilitumia ethili asetati tupu. Parasetamoli na kafeini zilisimama kama madoa, lakini aspirini ilivuta mkia mrefu kama nyota mkia, huwezi kusema doa liko wapi. Aspirini ni asidi. Juu ya silika sehemu yake hukaa na haidrojeni yake na sehemu huiachia, na hizo mbili hazitembei kwa mwendo mmoja. Dawa yake ni kutia asidi kidogo kwenye kimiminika ili aspirini yote ibaki hali moja: kwa mililita 20 za ethili asetati, mililita 0.1 ya asidi asetiki kali. Matone mawili tu, mkia ukakatika.

Kwa hiyo kibati cha nne kilikwenda hivi. Chupa ya jemu yenye kifuniko, karatasi ya kuchujia imezunguka ndani na kulowana ili hewa ya chupa ijae mvuke, dakika kumi za kusubiri kabla ya kuingiza kibati. Vidonge vilivyosagwa viliyeyushwa kwenye spiriti, wanga ukaachwa utulie chini, nikachukua maji ya juu kwa kapilari. Kibati cha upana huu hakibebi zaidi ya madoa manne bila kubanana, kwa hiyo kimoja niliweka parasetamoli inayojulikana, A, D na kafeini inayojulikana. Kibati cha tano kilikuwa na aspirini inayojulikana, B, kafeini inayojulikana na C. Usithubutu kuendesha kibati bila dawa inayojulikana pembeni. Namba za mwendo hubadilika na unyevu wa siku, na za kitabu ni za chumba cha mtu mwingine.

Kimiminika kilipanda sentimita 7.0 kutoka kwenye mstari, nikatia alama ya penseli haraka kabla hakijakauka. Chini ya taa, parasetamoli ilikuwa sentimita 3.3. Gawa 3.3 kwa 7.0 unapata Rf ya 0.47. Aspirini ilikuwa 4.8, sawa na 0.69. Kafeini ilibaki karibu na nyumbani, 0.9, sawa na 0.13. A ilikaa bega kwa bega na parasetamoli, C na kafeini. B ilikuwa na doa la aspirini mahali pake, na jingine dogo lisilo jeusi bali linalong'aa buluu, ambalo ni asidi salisiliki. Hayo ndiyo mabaki yaliyotoka pamoja na ile siki niliyoinusa juzi, sasa nayaona kwa macho.

D ilikuwa na doa kubwa la parasetamoli. Na chini yake, kwenye 0.9, doa dogo jeusi, mstari mmoja na kafeini.

Nililitazama kwa muda. Mwanzo nilidhani ni uchafu, kinu tena. Nikasaga kidonge kipya kwenye kinu kilichooshwa, nikaendesha kibati cha sita. Doa likarudi palepale. Vidonge vya parasetamoli na kafeini vimejaa madukani, na mchanganyiko uliozoeleka ni miligramu 500 kwa 65. Parasetamoli ni karibu mara nane ya kafeini, kwa hiyo feri na daikromati ziliniambia ukweli mtupu kuhusu D, ila sikuziuliza kama kuna mwingine ndani. Rangi inakujibu ulichouliza, na mimi niliacha kuuliza mara tu nilipopata jibu la kwanza lililonifurahisha. C niliifanyia mureksidi. D sikuifanyia, kwa sababu "tayari ilikuwa parasetamoli".

Msimamizi hakunipa kibati cha saba. Alisema, "Sasa irudishe kwenye rangi." Nilipojaribu mureksidi moja kwa moja kwenye unga wa D, parasetamoli ilioksidika ikawa kahawia na kufunika kila kitu. Inabidi kuwatenganisha kwanza, na fenoli ileile iliyonipoteza siku ya kwanza ndiyo inayosaidia: parasetamoli ina tabia ya asidi dhaifu, kwa hiyo ndani ya sodiamu haidroksaidi inabaki kwenye maji, wakati kafeini haina cha kuishika humo na inahamia kwenye dikloromethani. Nikatikisa unga wa D na mililita 5 za sodiamu haidroksaidi na mililita 5 za dikloromethani, nikifungua kizibo kila mara ili mvuke usilipue kifuniko, nikaacha tabaka zitengane. Dikloromethani ni nzito, inakaa chini. Nikaitoa kwa dropa, nikaiosha kwa maji mara moja, nikaikausha. Kulikuwa na ukungu mweupe tu chini ya kibakuli, kiasi ambacho ungedhani hakuna kitu. Peroksaidi, asidi, mvuke, ukoko. Amonia. Zambarau-nyekundu ikatambaa.

Saa nne ya siku ya tatu nilimpelekea daftari. Kurasa za siku ya kwanza nilitaka kuzichana. Akakataa, akasema mistari iliyokatwa kwa mstari mmoja ibaki isomeke. Kwa A niliandika parasetamoli, kwa C kafeini, kwa D parasetamoli na kafeini. Kwa B nikaandika aspirini. Akalirudisha daftari.

"Aspirini tu?"

Nikaongeza: "iliyoanza kuvunjika, salisileti huru imeonekana kwa feri baridi na kwa kibati." Akauliza ina miligramu ngapi za aspirini kwa kidonge. Nikasema sijui, hizi rangi na hiki kibati havijaniambia, nilivyoviendesha havipimi kiasi. Ili kukisia kiasi ningehitaji kuweka pembeni dawa inayojulikana ya asilimia 100 na ya asilimia 80 na kulinganisha ukubwa wa madoa, kama vinavyofanya vikasha vya Minilab ambavyo wakaguzi wa dawa hutembea navyo, na hata hapo ni makisio, jibu kamili ni la mashine.

"Hapo sawa," akasema, akatia sahihi. Kisha akachukua bahasha zote nne, pamoja na A ambayo sasa tuliijua vizuri kabisa, akazitupa kwenye boksi la dawa za kuteketezwa. Nilimwuliza kwa nini A nayo, wakati ni parasetamoli safi na mimi kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi.

"Ya kichwa kanunue dukani," akasema. "Yenye pakiti."